Isale, Turner na wahakiki wawili: kujibu pingamizi dhidi ya makala ya nadharia ya matambiko

Barua ya mhariri ikisema "marekebisho makubwa", makala haijakataliwa. Mhariri yuko tayari kuisoma tena, ila anataka kuona kila hoja ya wahakiki imefanyiwa nini. Anasubiri mswada uliorekebishwa pamoja na barua ya majibu, na barua ndiyo anayoifungua kwanza. Mara nyingi yeye mwenyewe si mtaalamu wa Uchagani wala wa nadharia ya matambiko. Anasoma pingamizi, anasoma jibu lililo chini yake, kisha anafungua ukurasa uliotajwa kuhakikisha kwamba maneno yaliyoahidiwa yamo.

Makala za matambiko zina ugumu wa pekee katika hatua hii. Pingamizi nyingi hazihusu hesabu wala vipimo, zinahusu tafsiri. Mhakiki anauliza kwa nini tendo fulani liitwe tambiko, au nani amempa mwandishi haki ya kusema jani fulani lina maana fulani. Maswali ya namna hiyo humvuta mwandishi kwenye mdahalo, naye hujikuta ameandika barua ya kurasa kumi na tano huku mswada wenyewe umebadilika sentensi nne tu. Mhariri mzoefu huligundua hilo haraka, na makala huanza kumtia shaka hata pale ilipokuwa na nguvu.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye mambo ambayo wasomaji wa Moshi wanayafahamu. Waandishi wawili wametuma makala kuhusu upatanisho wa Wachagga kwa jani la isale. Aliyekosa anamtuma mzee amfikishie aliyekosewa jani hilo. Likipokewa, siku inapangwa, pande mbili zinakaa mbele ya wazee, maneno yanasemwa, na mwishoni mbege inanywewa kwa kata moja. Waandishi wanadai kwamba utaratibu huu unafuata hatua tatu alizozieleza Arnold van Gennep mwaka 1909: kutengwa, kukaa kizingitini, na kurudishwa katika jamii. Hatua ya kati wanaieleza kwa msaada wa Victor Turner, aliyeipanua dhana hiyo katika miaka ya 1960 kutokana na utafiti wake kwa Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia. Ushahidi wao ni mahojiano na wazee na upatanisho mmoja walioushuhudia. Makala ina maneno 7,900, na ukomo wa jarida ni 8,000.

Wahakiki wamerudisha pingamizi sita. Mhakiki wa Kwanza anasema nadharia imeishia kwa Turner, na Catherine Bell, mwananadharia wa matambiko, hayumo (1.1), kwamba hakuna mshiriki yeyote aliyenukuliwa akisema isale ni ishara ya amani (1.2), na kwamba si kweli kuwa kizingitini watu wote huwa sawa (1.3). Mhakiki wa Pili anataka nadharia ipunguzwe na maelezo ya tukio yaongezwe (2.1), analalamika kwamba wote waliohojiwa ni wazee wa kiume (2.2), na anaona upatanisho huu ni utaratibu wa kisheria wala si tambiko (2.3).

Kabla ya kuandika jibu la kwanza

Nakili maneno ya wahakiki yote, neno kwa neno, kwenye faili jipya. Usiyafupishe, kwa sababu ufupisho wa mwandishi aliyekasirika hudondosha sehemu ngumu ya swali. Aya moja ya mhakiki ikibeba hoja mbili, ikate na kila hoja ipewe namba yake. Namba ya kwanza iwe ya mhakiki na ya pili iwe ya hoja, kama tulivyofanya hapo juu, ili jibu moja liweze kurejelea jingine bila kurudia maelezo.

Kisha zisome pingamizi zote pamoja ukitafuta zinapokutana. Kazi hii ndiyo inayookoa muda kuliko zote, na wengi huiruka. Katika mfano wetu, 1.1 inataka nadharia zaidi na 2.1 inataka nadharia pungufu. Anayejibu moja baada ya nyingine ataongeza aya tatu za Bell kumfurahisha wa kwanza, halafu atahangaika atamwambia nini wa pili. Anayezisoma pamoja na 2.3 ataona kwamba wahakiki wote wawili wanagusa kidonda kimoja: makala inatumia kurasa nne kumweleza Turner, lakini haisemi popote ni kitu gani kinachoutofautisha upatanisho wa isale na kikao cha kawaida cha kusuluhisha ugomvi.

Na hapo Bell anafaa kweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1992 aliacha kuuliza ni matendo gani yaingie kwenye kundi la matambiko na yapi yabaki nje. Aliuliza jinsi watu wanavyolifanya tendo fulani lijitenge na matendo ya kila siku. Kwa swali hilo, waandishi hawalazimiki tena kuthibitisha kwamba upatanisho ni tambiko kwa asili yake. Wanaweza kuonyesha kwamba jani halipelekwi na mkosaji mwenyewe bali na mzee, kwamba halipokewi kimyakimya kama mtu apokeavyo salamu, na kwamba mbege ya siku hiyo hainywewi kila mtu na chombo chake. Ethnografia ambayo Mhakiki wa Pili anaitaka ndiyo hiyohiyo inayoitendea kazi nadharia anayoitaka Mhakiki wa Kwanza. Badiliko moja limejibu 1.1, 2.1 na 2.3.

Hesabu ya maneno nayo inakaa sawa. Sehemu ya Turner inapunguzwa kutoka maneno 1,400 hadi 600. Bell anapewa 350, na maelezo ya tukio yanaongezwa 450. Makala inabaki na 7,900, na nafasi ya maneno 100 bado ipo kwa ajili ya pingamizi 2.2.

Mgongano wa wahakiki uelezwe kwa mhariri waziwazi, kwenye ukurasa wa kwanza wa barua, kwa kuwa yeye ndiye mwamuzi:

> Ndugu Mhariri, Mhakiki wa Kwanza ameshauri tupanue msingi wa nadharia (1.1), na Mhakiki wa Pili ameshauri tuupunguze (2.1). Tumefupisha maelezo ya Turner na kuingiza hoja ya Bell kuhusu jinsi tendo linavyotengwa na matendo ya kawaida, kisha tumeitumia moja kwa moja kwenye maelezo ya tukio (uk. 6–9). Sehemu ya nadharia sasa ni fupi kuliko ya awali. Endapo utaona mpangilio mwingine unafaa zaidi, tuko tayari kuufuata.

Sentensi ya mwisho inampa mhariri nafasi ya kuamua bila kumfanya aonekane anawapinga wahakiki wake.

Pingamizi la maana

Pingamizi 1.2 ndilo zito kuliko yote, na hurudi karibu kila mara mtu anapoandika kuhusu ishara katika matambiko. Sentensi iliyolalamikiwa inasema: "Isale ni ishara ya amani na usawa kati ya pande mbili." Mhakiki anauliza nani kasema.

Kuna majibu mawili yanayokuja haraka, na yote mawili ni dhaifu. La kwanza ni kusema kwamba kila Mchagga anajua maana ya isale. Huenda ni kweli kwa kiasi kikubwa, lakini mhakiki aliomba ushahidi uliomo kwenye makala. La pili ni kuongeza nukuu moja ya mzee anayesema "isale ni amani" na kuona kazi imekwisha. Nukuu hiyo inathibitisha amani, lakini usawa bado hauna shahidi.

Jibu lenye nguvu linapatikana kwa Turner mwenyewe, ambaye waandishi wamemtumia bila kumfikisha mwisho. Katika mkusanyiko wa insha zake uliotoka 1967, Turner alitenga ngazi tatu za maana ya ishara: maana ambayo wenyewe wanaieleza wakiulizwa, maana inayoonekana kwa jinsi kitu kinavyotumiwa na nani anakitumia, na maana inayotokana na nafasi ya kitu hicho kati ya ishara nyingine. Mfano wake mashuhuri ni mti wa mudyi, wenye utomvu mweupe, unaotumika katika unyago wa wasichana wa Kindembu. Wandembu walimweleza kwamba mti ule ni maziwa ya mama, ni mama na mwanawe, ni umoja wa ukoo wa kikeni. Lakini alipotazama kilichotendeka kuuzunguka, aliona pia mvutano: wanawake dhidi ya wanaume, mama dhidi ya binti anayeondoka mikononi mwake. Maelezo ya wenyewe yalitaja umoja, huku matendo yakionyesha pia mgawanyiko, na Turner hakuliacha lolote kati ya hayo mawili.

Sasa rudi kwenye isale kwa macho hayo. Wazee waliohojiwa wanasema jani ni amani na ni kuomba radhi. Hiyo ni ngazi ya kwanza, na nukuu zipo kwenye daftari la utafiti. Katika matumizi, jani hilo pia linabana. Likishaletwa na mzee, aliyekosewa anaona vigumu kulikataa, kwa kuwa anayekataa isale ndiye anayeanza kutazamwa vibaya, na wapo wanaoamini kwamba atapatwa na mabaya. Mwenye haki na aliyemkosea hawako sawa wakati huo. Shinikizo limehamia kwa mwenye haki. Kuhusu ngazi ya tatu, isale hiyohiyo hupandwa mipakani mwa kihamba na makaburini. Kwa hiyo jani linaloletwa kuomba radhi linatoka kwenye mmea unaolinda mpaka na kuwakumbusha watu wafu wao.

Neno "usawa" haliwezi kusalimika baada ya hapo, nalo liondoke. Makala imepata dai jembamba na la kweli zaidi: isale inaomba na inashurutisha kwa wakati mmoja. Jibu kwenye barua linaweza kuandikwa hivi:

> 1.2. Mhakiki ana haki: dai letu la "usawa" halikuwa na ushahidi, na tumeliondoa. Tumetenganisha mambo matatu yaliyokuwa yamechanganywa: maelezo ya wazee wenyewe kuhusu isale (nukuu mbili mpya, uk. 10, mst. 212–225), jinsi jani lilivyotumika katika upatanisho tulioushuhudia (uk. 11, mst. 231–248), na nafasi ya mmea huu mipakani na makaburini (uk. 12, mst. 255–263). Hoja yetu sasa ni kwamba isale huomba radhi na papo hapo humbana anayeombwa. Sentensi ya awali, "Isale ni ishara ya amani na usawa kati ya pande mbili", sasa inasomeka: "Wazee huitaja isale kuwa ni amani, katika matumizi, hata hivyo, jani hili humweka anayeombwa radhi katika hali ambayo kukataa ni kugumu kuliko kukubali."

Jibu hili linakubali kosa kwa sentensi moja bila kujidhalilisha, linaonyesha mahali pa kila badiliko, na linaweka sentensi ya zamani na mpya pamoja ili mhakiki asihitaji kufungua mafaili mawili. Shukrani ndefu hazikuhitajika. Wahakiki washukuriwe mara moja mwanzoni mwa barua, kwa jambo mahususi. "Tunamshukuru sana mhakiki kwa hoja yake nzuri" ikirudiwa mara sita huanza kusomeka kama mhuri.

Pale mhakiki alipokosea kusoma

Pingamizi 1.3 lina hali tofauti. Turner aliita *communitas* ule undugu wa watu walio kizingitini, ambao vyeo vyao vimewekwa kando kwa muda. Mhakiki anadhani waandishi wanadai kwamba kwenye upatanisho wa isale hali hiyo huwapata washiriki wote, wazee wakiwemo. Ukitazama mswada, ukurasa wa 9, waandishi walisema kwamba *wahasimu* huwekwa kando ya hadhi zao, wazee hawakutajwa.

Hapa kuna kishawishi cha kuandika "kama tulivyokwisha kueleza wazi". Kifute. Kama msomaji makini amepotea, sentensi ilikuwa na njia mbili, na wasomaji wa jarida watapotea palepale. Jibu liseme dai lilikuwa nini, likubali kwamba maandishi yaliruhusu usomaji mwingine, na lionyeshe marekebisho: "Hatukukusudia kudai kwamba washiriki wote huwa sawa, lakini tunaona jinsi sentensi ya awali ilivyoweza kueleweka hivyo. Sasa tumeandika kwamba hadhi za wahasimu wawili ndizo zinazowekwa kando, huku mamlaka ya wazee yakiimarika (uk. 9, mst. 190–196)." Kwa faida ya ziada, neno "yakiimarika" linaipatanisha makala na Turner mwenyewe, aliyeandika kwamba walio kizingitini mara nyingi huwa sawa wao kwa wao, lakini chini ya mamlaka kamili ya wanaowafunda, na mhakiki ndiye aliyelichokoza jambo hilo.

Pingamizi 2.2, la wahojiwa wote kuwa wanaume, lina majibu mawili tu ya haki: kurudi kuhoji, au kupunguza dai. Kurudi Marangu au Old Moshi kunawezekana kama kibali cha utafiti bado kina muda na mhariri ametoa miezi ya kutosha. Bila hivyo, usiahidi "utafiti ujao" kana kwamba ahadi ni data. Punguza dai: kichwa cha makala kiongezwe "kwa mtazamo wa wazee wa kiume", na aya ya maneno 90 ieleze kinachoweza kukosekana. Aya hiyo iwe na kitu ndani yake. Mwaka 1981 Bruce Lincoln, alipochunguza unyago wa wasichana katika jamii mbalimbali, alionyesha kwamba hatua za Van Gennep haziwakai vizuri wanawake, ambao aghalabu hufungiwa ndani badala ya kutolewa nje ya jamii. Ikiwa hatua tatu zina tatizo hilo kwa wasichana wa unyagoni, upo uwezekano kwamba mwanamke anayepatanishwa kwa isale haipitii "hatua ya kutengwa" kama wanaume wanavyoieleza. Mhakiki akisoma hivyo anajua kwamba waandishi wameelewa uzito wa pengo.

Kukataa kwa adabu

Kuna jambo moja ambalo waandishi hawalikubali lote: kwamba upatanisho ni sheria na si tambiko (2.3). Kukataa kunaruhusiwa. Mhariri hatarajii utii kwa kila hoja. Barua inayokubali kila kitu humpa wasiwasi kwamba mwandishi hana msimamo. Ila kukataa kuwe na sababu inayoweza kukaguliwa, na kuambatane na kitu kilichobadilika kwenye mswada.

Mtu wa kumtegemea hapa ni Sally Falk Moore. Aliandika mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila Kilimanjaro kati ya 1880 na 1980, kwa hiyo hakuna atakayesema hakuujua upande wa sheria wa Uchagani. Na mwaka 1977 yeye na Barbara Myerhoff walihariri kitabu kuhusu matambiko yasiyo ya kidini, wakionyesha kwamba mikutano na taratibu za kiraia nazo hupewa umbo la kitambiko. Kwa mwanazuoni huyo mmoja, sheria na tambiko havikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta.

> 2.3. Tunakubaliana na mhakiki kwamba upatanisho huu una nguvu ya kisheria, na makala ya awali haikulisema hilo, tumeongeza aya inayolieleza (uk. 4, mst. 77–89). Tumebaki, hata hivyo, na neno "tambiko", kwa sababu kuwa na nguvu ya kisheria hakuliondolei tendo umbo la kitambiko, kama kazi za Moore zinavyoonyesha. Uk. 7 sasa unataja mambo matatu yanayoutenga upatanisho wa isale na kikao cha kawaida: mjumbe, namna ya kulipokea jani, na kata moja ya mbege.

Mpangilio wa sentensi una kazi yake: kinachokubaliwa kinatangulia, kinachokataliwa kinafuata na sababu yake, na mwisho msomaji anaelekezwa kwenye ukurasa. Ukianza na "hatukubaliani", mhakiki atasoma sehemu iliyobaki akitafuta pa kukushika.

Mhakiki akiomba kazi fulani zinukuliwe na zote zikawa za mtu mmoja, inukuu ile tu inayohusika kweli. Kwa zilizobaki, andika kwamba umezisoma na kwa nini hazigusi hoja ya makala. Mhariri ataelewa bila kuambiwa zaidi.

Mambo ya faili

Barua huelekezwa kwa mhariri, na wahakiki hutajwa kama watu wa tatu, ingawa nao wataisoma. Andika pingamizi kwa italiki na jibu kwa herufi za kawaida. Usitegemee rangi, kwa kuwa barua inaweza kuchapishwa nyeusi na nyeupe.

Namba za mistari zinatolewa na Word kupitia `Layout > Line Numbers > Continuous`. Mwanzoni mwa barua sema namba hizo ni za faili lipi, kwa maana mswada safi na ule unaoonyesha mabadiliko kwa `Track Changes` huwa na mistari isiyolingana. Chagua mswada safi, na ujaze namba baada ya kugusa neno la mwisho kabisa. Kufuta aya moja ukurasa wa 3 huharibu namba zote zinazofuata, na mhariri anayefungua mstari wa 212 akakuta habari nyingine atadhani badiliko halikufanyika.

Kama uhakiki ni wa siri kwa pande zote, jina lako linaweza kuvuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni maneno ya barua yenyewe: "katika utafiti wetu wa awali kule Marangu" pamoja na mwaka na jina la mradi yanatosha kumtambulisha mtu, hasa kwenye fani ambayo watafiti wa Kilimanjaro wanafahamiana. Andika "katika utafiti wa awali" na uache mengine. Ya pili ni faili: kila badiliko la `Track Changes` hubeba jina la aliyelifanya. Lipitishe faili kwenye `File > Info > Check for Issues > Inspect Document`, ufute taarifa binafsi, ulihifadhi, kisha ulifungue tena na kuweka kipanya juu ya badiliko mojawapo kuona kama jina limeondoka. Fanya hivyo kwa barua pia, si kwa mswada peke yake.